Oblivion inaniumiza macho: majani yanawaka, kuta nyeupe pee. ReShade inaweza kulainisha hii kitu?

MchanaKweupe · #1

Wakuu, habari za jioni. Nimerudi kwenye Oblivion, ile ya 2006, baada ya miaka mingi. Gemu naipenda sana, lakini safari hii nashindwa kukaa nayo zaidi ya nusu saa. Nikiwa nje mchana nyasi ni za kijani kinachochoma, kuta za mawe meupe zinakuwa bapa kama karatasi, na ukiingia kwenye kivuli cha mti hapo hapo ni giza tii. Hakuna cha katikati. HDR ya gemu imewashwa.

Nimeweka ReShade kwa kuchagua `Oblivion.exe` na DirectX 9. Ikaweka `d3d9.dll` kando ya gemu, na nikibonyeza Home menyu yake inafunguka vizuri. Nikaona sheda inaitwa Levels, nikasema hii ndiyo ya mwanga na giza, nikaiwasha. Mambo yakawa mabaya maradufu! Vivuli vimezama kabisa. Nakosea wapi? Nataka picha tulivu, sitaki kubadilisha gemu iwe kitu kingine.

---

Simba_wa_Kibodi · #2

Mkuu hiyo rahisi. Zima Levels, washa Vibrance, ishushe hadi -0.3. Inapunguza zile rangi zilizokolea peke yake na kuacha nyingine kama zilivyo. Dakika mbili umemaliza.

---

Tumbili_Mpole · #3

Si ucheze ile ya 2025? Rangi zake zimetulia kabisa.

---

MchanaKweupe · #4

@Tumbili_Mpole asante, lakini ile ni Unreal Engine 5 na kompyuta yangu haiibebi. Halafu nauliza kuhusu hii ya zamani, nina sevu zangu humo.

@Simba_wa_Kibodi nimejaribu hiyo -0.3. Nyasi zimepoa kweli. Ila nyuso za watu zimekuwa kama za maiti, na mawe ya kahawia yamegeuka majivu. Na zile kuta nyeupe ziko vilevile.

---

fundi_pikseli · #5

Mkuu, simama kwanza kabla hujaongeza sheda nyingine. Una matatizo mawili tofauti na unayatibu kama moja.

Nianze na Levels. Hiyo sheda kazi yake ni kupanua. Inakuja ikiwa na BlackPoint 16 na WhitePoint 235, maana yake kila kilicho chini ya 16 kinakuwa cheusi kabisa, kila kilicho juu ya 235 kinakuwa cheupe kabisa, na katikati kunavutwa kujaza nafasi. Ilitengenezwa kwa picha iliyofifia. Wewe picha yako imevutwa tayari, ukaivuta tena. Hakuna namba utakayoweka humo itakayolainisha, kwa sababu haina njia ya kurudi.

Lakini usiifute! Levels ina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui, na ndiyo nitakayokuomba uifanye. Zima sheda zote nyingine, ibaki yenyewe. Weka BlackPoint 1 na WhitePoint 254. Kisha tia tiki pale penye Highlight clipping pixels. Ukiacha 0 na 255 haitaonyesha chochote, kwa sababu hakuna pikseli inayoweza kuzidi hapo. Kwa 1 na 254, kila pikseli ambayo gemu yenyewe imeshaigonganisha na dari itapakwa rangi. Nyekundu maana yake walau chaneli moja kati ya tatu imefika mwisho. Njano maana yake zote tatu zimefika. Upande wa giza, bluu ni chaneli moja au mbili zimeisha, na samawati ya kung'aa ni zote zimeisha.

Nenda pale pale panapokuumiza macho, simama saa sita mchana ya gemu, uniambie unaona nini kwenye kuta, kwenye nyasi na kwenye kivuli. Hapo ndipo tutajua nini kinaokoleka.

---

DadaMonita · #6

Kabla ya hayo yote, una uhakika ni gemu na si kioo chako? Nauliza kwa sababu mimi nilihangaika wiki mbili na sheda, kumbe skrini yangu ni ya televisheni na ilikuwa inatarajia mawimbi ya 16 hadi 235 wakati kadi ya picha inatuma 0 hadi 255. Vivuli vyote vinazama na weupe wote unaungua, dalili zako zile zile. Nilibadilisha mpangilio mmoja tu kwenye televisheni, nikazifuta sheda zote.

Na kama monita yako ni ya zile zenye upana mkubwa wa rangi, kijani na nyekundu za gemu ya zamani zitatoka kali kupita kiasi, kwa sababu gemu ilichorwa kwa sRGB. Tafuta sRGB kwenye menyu ya monita yenyewe.

Kipimo chepesi: piga picha ya skrini, ihamishie kwenye simu, uiangalie huko. Ikiwa kwenye simu ni tulivu, tatizo ni kioo. Ikiwa bado inachoma, tatizo ni gemu.

---

Simba_wa_Kibodi · #7

Dada umenena, ila aliyesema nyuso ni za maiti hakuweka -0.3 peke yake, lazima kuna kitu kingine amewasha. Vibrance haigusi rangi hafifu.

---

fundi_pikseli · #8

@Simba_wa_Kibodi hapo ndugu yangu uko nusu sahihi. Vibrance ukiipandisha, yaani namba chanya, inagusa zaidi zile hafifu na kuziacha zilizokolea. Ukiishusha chini ya sifuri inageuka: zilizokolea zinapunguzwa zaidi, hilo ni kweli, lakini hafifu nazo zinapunguzwa. Kwa -0.3, rangi iliyo karibu na kijivu inapoteza karibu asilimia 30 ya ukolezi wake, na iliyokolea kabisa inapoteza asilimia 60. Ngozi ya mtu ina ukolezi mdogo tangu mwanzo. Ukiikata theluthi, damu imeondoka usoni. Alichoona ni sahihi kabisa.

Na swali la @DadaMonita ni zuri, lifanyike kwanza.

---

MchanaKweupe · #9

Nimefanya vyote viwili.

Picha kwenye simu: bado inachoma, labda kidogo chini ya kwenye monita. Kwa hiyo ni gemu, au si ndiyo?

Kipimo cha Levels kimenishtua. Nilisimama nje ya lango, mchana, jua kali. Kuta zilizoelekea jua ni njano tupu, vipande vikubwa. Nyasi ni nyekundu madoadoa, njano hakuna kabisa. Kivuli chini ya mti, ambacho nilidhani kimekufa, hakina samawati, ni vidoa vichache vya bluu kwenye mashina. Sikutegemea.

---

Kobe_Asiyechoka · #10

Nitie neno kwenye kile kipimo cha simu. Picha ya skrini haibebi kila kitu. Gemu za enzi hizo nyingi kitelezi chao cha mwangaza kinafanya kazi kwa kubadilisha jedwali la gamma la kadi ya picha, na hilo linatokea baada ya picha kukamilika, tena kwenye skrini nzima tu, si kwenye dirisha. ReShade haikioni, na picha ya skrini haikinasi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa ameburuta kile kitelezi zamani, picha kwenye simu ikatoka nzuri kuliko anachoona, akalaumu monita bure. Mkuu, hiyo "kidogo chini ya kwenye monita" yako inaweza kuwa ndiyo hii. Angalia mstari wa `fGamma` kwenye `Oblivion.ini`, au cheza kwenye dirisha dakika moja ulinganishe.

---

DadaMonita · #11

Kobe, hilo sikulijua, asante. Ila bado nadhani ni sRGB ya monita. Tofauti ndogo kati ya simu na monita ni jambo la kila siku.

---

fundi_pikseli · #12

Hiyo tofauti ndogo tuiache kwanza, twende kwenye kilicho kikubwa.

MchanaKweupe, kipimo chako kimegawa kazi yenyewe. Kuta za njano zimekufa. Pale kila pikseli ni 255, 255, 255, michoro ya mawe ilishafutwa ndani ya gemu kabla picha haijafika kwa ReShade. Ukiishusha utapata kijivu bapa badala ya cheupe bapa. Sheda ya nje inapokea picha iliyokamilika, haina pa kuchota kilichopotea. Hizo zinatibiwa ndani ya gemu tu.

Nyasi nyekundu zina chaneli moja iliyogonga dari, bila shaka ya kijani, na mbili zilizobaki bado zina habari. Hizo zinaokoleka nusu: rangi itatulia lakini ncha za majani hazitarudi zote. Na kivuli kiko hai! Ni cheusi machoni pako kwa sababu kimekaa karibu na weupe mkali, lakini namba zake zipo. Hicho kinainuliwa vizuri sana.

Kwa hiyo utaratibu ni kwanza kushusha mwanga ndani ya gemu hadi njano ipungue, ndipo sheda ifuate. Ukianza na sheda utakuwa unapaka rangi juu ya shimo.

---

Ngano7 · #13

Kwa ndani ya gemu mimi naweza kusaidia. Fungua `Oblivion.ini` kwenye `Documents\My Games\Oblivion`, tafuta sehemu iitwayo `[BlurShaderHDR]`. Humo kuna `fSunlightDimmer`, `fGrassDimmer` na `fTreeDimmer`. Punguza kila moja kwa hatua ya 0.1, hifadhi, ingia uangalie. Usiguse zote kwa mpigo. Na weka nakala ya faili pembeni kabla ya kuanza.

---

Mzee_wa_Modi · #14

Ngano, mwanangu, hizo nilizichezea sana enzi zile na nje hazikunibadilishia kitu. Sababu ni kwamba kila hali ya hewa ndani ya gemu imebeba namba zake yenyewe za HDR: jua, nyasi, miti, yote yamo kwenye rekodi ya hali ya hewa. Kukiwa na hali ya hewa, namba zake ndizo zinazotawala, si za kwenye `.ini`. Anayetaka kushusha mwanga wa nje afungue Construction Set, aende kwenye Weather, abadilishe huko na kuhifadhi kama modi ndogo. Mimi nilifanya hivyo kwa hali ya hewa ya jua tupu, ile inayouma zaidi, na nyingine nikaziacha.

---

Ngano7 · #15

Shikamoo mzee. Mimi `.ini` ilinibadilishia, nilishusha `fGrassDimmer` na nyasi zikapoa. Sijui, labda modi niliyonayo ya hali ya hewa haina namba zake.

---

Mzee_wa_Modi · #16

Marahaba. Inawezekana. Au ulibadilisha ukiwa umeingia wakati hali ya hewa imegeuka mawingu, ukaona nyasi zimepoa. Hali ya hewa ikibadilika katikati ya kipimo inamdanganya mtu. Andika kwenye konsoli `fw` ikifuatiwa na namba ya hali ya hewa unayoitaka, ndipo ulinganishe.

---

Panya_wa_Usiku · #17

Wakuu samahani kuingilia. Mimi gemu yangu ni ya 2001, nimeweka ReShade kwa DirectX 9 lakini nikibonyeza Home hakuna kinachotokea, faili la kumbukumbu halijaandikwa kabisa. Sheda zenu nazitamani.

---

Kobe_Asiyechoka · #18

@Panya_wa_Usiku gemu ya 2001 huenda ni Direct3D 8, hivyo haiiti `d3d9.dll` hata siku moja. Tafuta d3d8to9, inatafsiri miito ya 8 kwenda 9, ndipo ReShade inaona. Ikiwa ni ya zamani zaidi ya hapo, dgVoodoo2 inaipeleka hadi Direct3D 11, na ReShade unaiweka kwa jina `dxgi.dll`. Kumbukumbu tupu maana yake haijapakiwa, si kwamba imekataa. Fungua uzi wako tusimchafulie mwenzetu.

---

Panya_wa_Usiku · #19

Imekubali kwa d3d8to9! Mungu awabariki.

---

MchanaKweupe · #20

Nimefuata njia ya Mzee, kwa hali ya hewa moja tu ya jua. Nikashusha Sunlight Dimmer hatua kwa hatua huku kipimo cha Levels kikiwa wazi. Njano imepungua hadi mistari myembamba kwenye kingo za kuta, na michoro ya mawe imerudi! Sikujua kuta zile zina nyufa.

Nyasi bado kali, na kivuli bado kizito. Sasa sheda gani?

---

fundi_pikseli · #21

Safi sana. Hapo sasa ReShade ina kitu cha kushika.

Tumia Curves. Inakuja ikiwa na Contrast 0.65, hiyo inaongeza ukali, na watu wengi wanaizima hapo hapo. Lakini kitelezi chake kinakwenda hadi -1. Ukienda chini ya sifuri mkunjo unageuka: nyeusi inabaki nyeusi, nyeupe inabaki nyeupe, katikati ndiko kunakolegea. Chagua Formula ya Smoothstep, Mode iwe Both Luma and Chroma, Contrast iwe -0.4.

Nikufanyie hesabu uone kinachotokea. Chukua jani lenye kijani 191 na nyekundu 64. Kwa -0.4, 191 inashuka hadi 181 na 64 inapanda hadi 74. Tofauti kati yao ilikuwa 127, sasa ni 107. Umepunguza ukolezi kwa karibu asilimia 16 na hujagusa sheda yoyote ya rangi! Ndiyo sababu nasema kontrasti kwanza, rangi baadaye. Mkunjo unaopita kwenye kila chaneli peke yake unagusa rangi utake usitake. Anayeanza na rangi anapunguza mara mbili, anaishia na ukungu.

Ukiweka Mode iwe Luma, rangi haipungui hivyo, kivuli kinainuka kikiwa na tofauti zake zote. Kwa gemu ambayo rangi zake ni nzuri na ukali tu ndio tatizo, hiyo ni bora. Yako inahitaji vyote viwili.

Ikibaki rangi ya kupunguza baada ya hapo, usirudi kwenye Vibrance. Andika hii, ihifadhi kama `Lainisha.fx` kwenye `reshade-shaders\Shaders`, kisha bonyeza Reload:

```
#include "ReShade.fxh"

uniform float Kiasi < ui_type = "slider";
    ui_min = 0.0; ui_max = 1.0; > = 0.4;

float3 PS_Lainisha(float4 pos : SV_Position,
                   float2 uv : TEXCOORD) : SV_Target
{
    float3 c = tex2D(ReShade::BackBuffer, uv).rgb;
    float y = dot(c, float3(0.2126, 0.7152, 0.0722));
    float s = max(c.r, max(c.g, c.b))
            - min(c.r, min(c.g, c.b));
    return y + (c - y) * (1.0 - Kiasi * s);
}

technique Lainisha
{
    pass
    {
        VertexShader = PostProcessVS;
        PixelShader = PS_Lainisha;
    }
}
```

Inapima umbali kati ya chaneli ya juu na ya chini. Umbali mdogo, kama wa ngozi na mawe, haiugusi karibu kabisa. Umbali mkubwa inauvuta kuelekea kijivu. Kwenye orodha, Curves ikae juu, Lainisha chini yake, kwa sababu zinapita kwa mpangilio huo.

---

MchanaKweupe · #22

Fundi, asante sana kwa muda wako. Curves imefanya kazi ya ajabu, sasa naona shina la mti ndani ya kivuli. Nyuso zimerudi kuwa za watu hai.

Ila Lainisha inanipa kitu cha ajabu. Niliona nyasi bado zina ukali nikapandisha Kiasi hadi 0.8. Nyasi zikatulia, lakini maua mekundu yamekuwa na rangi ya vumbi, yamefifia kuliko hata matofali yaliyo nyuma yake. Na mstari mwekundu wa uhai kule chini umekuwa kama umepakwa chokaa.

---

BintiHesabu · #23

Hiyo ni hesabu ya sheda yenyewe, si kosa lako. Ukolezi mpya ni s mara (1 - Kiasi × s). Kwa Kiasi 0.8, ua lenye ukolezi 0.9 linatoka na 0.25, na tofali lenye 0.5 linatoka na 0.30. Yaani kilichokuwa kimekolea zaidi kimekuwa hafifu zaidi. Mkunjo umepanda ukafika kilele ukaanza kushuka.

Ili usishuke kamwe, Kiasi kisizidi 0.5. Kwa 0.5, lile ua linatoka na 0.495 na tofali linatoka na 0.375, mpangilio unabaki. @fundi_pikseli ungeweka `ui_max` iwe 0.5 ingezuia hili.

---

fundi_pikseli · #24

Umenisahihisha kihalali. Ibadilishwe iwe 0.5. Mimi huwa sizidi 0.4 nikasahau kwamba wengine wataburuta hadi mwisho.

---

Simba_wa_Kibodi · #25

Kumbe hata fundi anakosea 😄 Leo nimelala vizuri. Lakini kwa heshima, bado nasema Vibrance -0.1 juu ya hiyo Curves ingetosha, bila kuandika kodi. Nimejaribu kwangu sasa hivi, ngozi haifi.

---

fundi_pikseli · #26

Kwa -0.1 ngozi inapoteza kama asilimia 11, wengi hawataiona. Siwezi kukataa. Ni jicho lako.

---

Tumbili_Mpole · #27

Mbona anga sasa lina ngazi? Nimefuata uzi huu kwenye gemu yangu nyingine, Curves -0.7, jioni anga limekuwa mikanda mikanda kama mawe ya ngazi.

---

BintiHesabu · #28

-0.7 ni nyingi. Picha inafika ikiwa na hatua 256 kwa kila chaneli. Ukilegeza katikati, sehemu za giza kabisa na za mwanga kabisa zinavutwa zichukue nafasi kubwa, na hatua mpya hakuna, kwa hiyo zile zilizopo zinaachana hadi jicho linaziona. Rudi -0.4, na weka Deband iwe ya mwisho kabisa kwenye orodha. Deband ikitangulia Curves haisaidii, inatibu kabla ya jeraha.

---

Tumbili_Mpole · #29

-0.35 na Deband chini, mikanda imeisha karibu yote. Ukungu wa mbali bado una kidogo.

---

Kobe_Asiyechoka · #30

Kuhusu mstari wa uhai uliopakwa chokaa: ReShade inaingia picha ikiwa imeshakamilika, na menyu na viashiria vimeshachorwa juu yake. Kwa hiyo kila unachofanya kwa nyasi unakifanya kwa maandishi pia. Kuna UIMask, unaweka `UIMask_Top` juu ya sheda zako na `UIMask_Bottom` chini yao, na picha ya nyeusi na nyeupe inayoonyesha viashiria viko wapi. Inafaa kwa vitu visivyohama, kama mistari mitatu ya chini na dira. Lakini ukifungua menyu ya mizigo inayojaza skrini, kinyago hakijui. Hapo mimi nimeweka kitufe cha kuzima sheda zote kwa mguso mmoja nikiwa nasoma.

---

Mzee_wa_Modi · #31

Mimi viashiria vikilainika kidogo sijali. Kinachonisumbua ni watu kulainisha hadi usiku unakuwa mchana. Curves inainua vivuli saa zote. Ukiingia pangoni, mwenge hauna maana tena, kila kona inaonekana. Gemu ile pangoni ilikusudiwa uogope.

---

MchanaKweupe · #32

Mzee, hilo nimekutana nalo jana usiku. Niliingia kwenye magofu, nikaona hadi mwisho wa ukumbi bila mwenge, raha yote ikaisha. Nimetengeneza mipangilio miwili: ya nje ina Curves -0.4, Lainisha 0.35 na Deband. Ya ndani ina Lainisha 0.2 peke yake. Nimeweka vitufe vya kuhama kati yake kwenye ReShade, nabonyeza nikipita mlangoni. Sasa nacheza saa tatu macho hayaumi.

@Kobe_Asiyechoka nilicheza kwenye dirisha kama ulivyosema, na kweli rangi zilibadilika kidogo. @DadaMonita nikaweka sRGB kwenye monita, nazo zikabadilika kidogo. Kwa hiyo sijui nani kati yenu alikuwa sahihi, nimeacha zote mbili.

---

DadaMonita · #33

Mimi 😄

---

Kobe_Asiyechoka · #34

Dada, rudisha `fGamma` mwanzo halafu tuzungumze.

---

Ngano7 · #35

Wakuu, nimelazimisha hali ya hewa moja kwa `fw` kama Mzee alivyosema, nikabadilisha `fGrassDimmer` kwenye `.ini` kutoka juu hadi chini. Nyasi zangu zinabadilika. Si sana, ila zinabadilika. Nina picha mbili.

---

Mzee_wa_Modi · #36

Ziweke, mwanangu. Na useme una modi gani za hali ya hewa.

---

MchanaKweupe · #37

Mkiwa mnaendelea na hilo: leo nimepanda milimani kwenye theluji, nikawasha kipimo cha Levels kwa mazoea. Ardhi yote ni njano. Hali ya hewa ya theluji sijaigusa, nitaifungua kwenye Construction Set kesho. Ila nauliza, theluji iliyopigwa na jua mnaiacha na njano kiasi gani? Nikiishusha hadi njano yote iishe inakuwa kama saruji.

---

fundi_pikseli · #38

Acha njano kwenye migongo ya vilima inayotazama jua moja kwa moja, iondoe kwenye miteremko. Mabonde madogo yakionekana na kivuli chake, simama hapo.

---

BintiHesabu · #39

Mimi ningeshusha hadi nyekundu ichukue nafasi ya njano hata kwenye migongo. Jaribu zote mbili utuletee picha.